Daftari la Madai la Dalali Mdogo wa Bima: Ukokotoaji wa Uwiano wa Hasara kwa Kila Aina ya Bima, Mwezi kwa Mwezi

Dalali wa bima humwakilisha mteja mbele ya kampuni ya bima. Hupeleka maombi ya mteja, hufuatilia madai pindi hasara inapotokea, na muda wa mkataba unapokaribia kwisha hujadiliana na kampuni kuhusu ada ya mwaka unaofuata. Katika majadiliano hayo kampuni huja na takwimu moja: uwiano wa hasara, yaani sehemu ya ada iliyotumika kugharimia madai. Dalali asiye na takwimu yake mwenyewe hulazimika kuipokea takwimu hiyo jinsi ilivyo. Aliye na takwimu iliyokokotolewa vibaya huwa katika hali mbaya zaidi, kwa kuwa huenda tayari amekwisha kumwahidi mteja punguzo ambalo halitapatikana.

Makala haya yanafafanua namna ofisi ndogo ya udalali, yenye wafanyakazi watatu au wanne na kompyuta yenye programu ya Excel, inavyoweza kutunza daftari linaloonesha ada, fidia iliyolipwa na uwiano wa hasara kwa kila aina ya bima kila mwezi. Mkazo umewekwa katika swali ambalo madaftari mengi ya namna hii hulijibu visivyo: ni ada ipi igawanywe, na kwa madai yapi?

Kosa la kugawanya fidia ya mwezi kwa ada ya mwezi

Njia inayomjia mtu haraka ni kuchukua fidia iliyolipwa mwezi huu na kuigawanya kwa ada iliyoandikishwa mwezi huu. Udhaifu wake unaonekana vizuri katika mfano ufuatao, ambao takwimu zake zimebuniwa kwa ajili ya ufafanuzi tu.

Msafirishaji mmoja mwenye malori kumi yanayobeba mizigo kati ya Dar es Salaam na Tunduma alikata bima kubwa ya magari kuanzia tarehe 1 Machi 2022 hadi 28 Februari 2023. Ada ya mwaka mzima, bila kodi ya ongezeko la thamani, ilikuwa shilingi 36,500,000. Tarehe 12 Juni lori moja lilipinduka. Mtathmini wa hasara alikadiria matengenezo kuwa shilingi 9,000,000, na mwezi Septemba kampuni ikalipa gereji shilingi 8,200,000.

Kwa njia ya haraka, uwiano wa mwezi Machi ni asilimia sifuri, kwa sababu ada yote imeingia na hakuna dai. Miezi ya Aprili hadi Agosti haina ada wala fidia. Mwezi Septemba una fidia ya shilingi 8,200,000 lakini hauna ada hata shilingi moja, na Excel huandika `#DIV/0!`. Si ajabu kukuta daftari ambamo alama hiyo imefichwa kwa fomula ya `IFERROR` ili ukurasa upendeze. Alama ile, hata hivyo, ilikuwa inasema kweli: ada ya Machi haikuwa ya Machi peke yake.

Ada iliyoiva

Ada inayolipwa mara moja hununua ulinzi wa siku 365. Kila siku inayopita, sehemu moja kati ya sehemu 365 za ada huwa imeiva, yaani ulinzi wake umekwisha kutolewa. Ada iliyobaki bado ni deni la kampuni kwa mteja: mkataba ukivunjwa katikati, mteja anaweza kudai kurudishiwa sehemu yake kwa masharti ya mkataba. Katika mfano huu kila siku huivisha shilingi 100,000. Hivyo Machi ina ada iliyoiva ya shilingi 3,100,000, Aprili 3,000,000, na kuendelea. Hii ndiyo ada inayostahili kulinganishwa na madai, kwa kuwa madai nayo hutokana na siku ambazo ulinzi ulikuwapo.

Katika ukurasa wa mikataba, kila mkataba huchukua mstari mmoja: safu ya A ni namba ya mkataba, B aina ya bima, C tarehe ya kuanza, D tarehe ya kwisha, na E ada. Kuanzia safu ya G kila safu ni mwezi mmoja, na juu yake, katika mstari wa kwanza, huandikwa tarehe ya kwanza ya mwezi huo. Fomula ya ada iliyoiva ni hii:

```
=MAX(0,MIN($D2,EOMONTH(G$1,0))-MAX($C2,G$1)+1)*$E2/($D2-$C2+1)
```

Fomula huhesabu siku za mkataba zilizomo ndani ya mwezi husika, kisha huzizidisha kwa ada ya siku moja. Mkataba ulioanza katikati ya mwezi hujihesabu wenyewe. Lori likiongezwa katikati ya mwaka, nyongeza ya ada huandikwa katika mstari wake yenye tarehe zake. Lori likiondolewa, ada inayorejeshwa huandikwa kwa alama ya kutoa. Ada iandikwe bila kodi. Kiwango cha kawaida cha kodi ya ongezeko la thamani Tanzania Bara ni asilimia 18, na fedha hiyo hupita tu kuelekea serikalini bila kugharimia dai lolote. Ikiingizwa katika hesabu, uwiano hushuka bila sababu.

Dai ambalo halijalipwa bado ni dai

Kurekebisha ada hakutoshi. Kati ya Juni, lori lilipopinduka, na Septemba, malipo yalipofanyika, daftari linalosoma fidia iliyolipwa pekee lingeonesha kwamba mteja huyu hana hasara yoyote. Kampuni ya bima haifanyi hivyo. Siku dai linaporipotiwa, kampuni hutenga makadirio, na katika kitabu chake hasara imekwisha kutokea.

Mfano uendelezwe. Tarehe 20 Novemba lori jingine lilimgonga mpanda pikipiki, akavunjika mguu. Bima dhidi ya madhara kwa watu wengine ni ya lazima chini ya Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, na madai ya majeraha huchukua muda kwa sababu husubiri matibabu, taarifa ya daktari na mara nyingine mahakama. Kampuni ilitenga shilingi 14,000,000. Hali ya jumla tangu mkataba uanze inakuwa hivi:

| Hadi mwisho wa | Ada iliyoiva | Fidia iliyolipwa | Makadirio yanayosubiri | Uwiano wa fidia pekee | Uwiano pamoja na makadirio |
|---|---|---|---|---|---|
| Juni | 12,200,000 | 0 | 9,000,000 | 0% | 73.8% |
| Septemba | 21,400,000 | 8,200,000 | 0 | 38.3% | 38.3% |
| Desemba | 30,600,000 | 8,200,000 | 14,000,000 | 26.8% | 72.5% |

Mwezi Januari, majadiliano ya kuhuisha mkataba yanapoanza, dalali anayegawanya fidia iliyolipwa kwa ada yote iliyoandikishwa anapata asilimia 22.5. Anamwambia mteja kwamba mwaka umekuwa mzuri na kwamba ataomba punguzo. Kampuni inaona asilimia 72.5 na inaleta barua ya kuongeza ada. Hakuna aliyedanganya, kila upande umesoma kitabu chake. Anayeaibika mbele ya mteja, lakini, ni dalali.

Anayeona makadirio ana la kufanya. Anaweza kuuliza shilingi 14,000,000 zimetokana na nini. Makadirio ya majeraha aghalabu hutengwa mapema, kabla taarifa ya daktari haijafika, na huenda yakabaki yalivyo kwa miezi kwa sababu tu hakuna aliyeyapitia upya. Ikiwa taarifa ya hospitali inaonesha kwamba mfupa umeunga na mgonjwa amerudi kazini, na kampuni ikakubali kushusha makadirio hadi shilingi 5,500,000, hasara yote hadi Desemba inakuwa shilingi 13,700,000 na uwiano unashuka hadi asilimia 44.8. Tofauti hiyo ndiyo ada ya mwaka ujao ya malori kumi. Ieleweke kwamba dalali haombi dai lipunguzwe kinyume cha haki ya majeruhi. Anaomba makadirio yalingane na nyaraka zilizopo.

Kutofuta kilichoandikwa

Ugumu wa kutunza makadirio ni kwamba hubadilika. Ofisi nyingi huwa na mstari mmoja kwa kila dai, na makadirio mapya huandikwa juu ya yale ya zamani. Matokeo yake ni kwamba ripoti ya Juni ikichapishwa upya mwezi Oktoba haifanani na ile aliyopewa mteja mwezi Julai, wala hapana anayeweza kueleza sababu.

Ni bora ukurasa wa madai uwe daftari la mienendo. Kila tukio huchukua mstari wake: tarehe, namba ya dai, aina ya bima, badiliko la makadirio, na malipo. Dai la lori lililopinduka lina mistari miwili tu. Mwezi Juni makadirio yanaongezeka kwa 9,000,000. Mwezi Septemba yanapungua kwa 9,000,000 na malipo ni 8,200,000. Jumla ya safu mbili hizo hadi tarehe yoyote ndiyo hasara iliyojulikana siku hiyo. Ikiwa tarehe iko safu ya A, aina ya bima safu ya C na makadirio safu ya D, na ukurasa wa muhtasari una aina za bima katika safu ya A na miezi katika mstari wa kwanza, makadirio yanayosubiri mwisho wa mwezi ni:

```
=SUMIFS(Madai!$D:$D,Madai!$C:$C,$A2,Madai!$A:$A,"<="&EOMONTH(B$1,0))
```

Malipo huandikwa baada ya kutoa kiasi anachobeba mwenye bima mwenyewe, na fedha zinazopatikana kwa kuuza mabaki ya gari huandikwa kama malipo yenye alama ya kutoa. Hatari kubwa iko kwingine: kampuni nyingi huilipa gereji moja kwa moja, na dalali asipate habari. Dalili yake ni dai lililokaa miezi mitatu bila mwenendo wowote ilhali gari limekwisha kuonekana barabarani. Kwa hiyo kila mwezi daftari lipatanishwe na taarifa ya madai kutoka kwa kila kampuni, dai kwa dai, kabla ya muhtasari kutolewa.

Aina zenye mikataba michache

Katika muhtasari, uwiano wa mwezi mmoja uoneshwe kando ya ule wa miezi 12 iliyopita, unaopatikana kwa kujumlisha malipo na mabadiliko ya makadirio ya miezi hiyo na kugawanya kwa ada iliyoiva katika miezi hiyo hiyo. Kwa bima ya magari, yenye mikataba mingi na madai madogo ya mara kwa mara, uwiano wa miezi 12 hutulia na huweza kusomwa.

Bima ya moto ni habari nyingine. Ofisi yenye majengo saba, ambayo ada zake zilizoiva kwa miezi 12 ni shilingi 18,000,000, inaweza kukaa miaka mingi na uwiano wa sifuri. Ghala moja likiungua kwa hasara ya shilingi 60,000,000, uwiano unakuwa asilimia 333. Sifuri haikuthibitisha kwamba ada ilikuwa kubwa mno, wala 333 haithibitishi kwamba ilikuwa ndogo; majengo saba ni machache mno kuthibitisha lolote. Kwa sababu hiyo idadi ya mikataba na idadi ya madai viandikwe kando ya kila uwiano, na aina hizi mbili zisichanganywe katika jumla moja. Moto wa ghala hilo ukijumlishwa na magari, mwenye daladala atatakiwa kulipia ghala asilolijua.

Liko pia jambo ambalo daftari la dalali haliwezi kulionesha: ajali zilizokwisha kutokea lakini hazijaripotiwa. Kampuni ya bima huzikadiria kutokana na mikataba yake yote, na dalali mdogo hana wingi wa data wa kufanya hivyo. Uwiano wa mwezi wa mwisho katika muhtasari wake usomwe kama kiwango cha chini, hasa kwa madai ya majeraha, na ripoti ya mteja iandikwe tarehe ambayo hesabu ilifungwa.