Mstari na Mkunjo: Tatizo la Mashine Kukariri Data

1.0 Utangulizi

Katika slaidi nyingi za somo la ujifunzaji wa mashine huwamo mchoro mmoja mashuhuri: vitone vichache, mstari ulionyooka unaopita kati ya vitone hivyo bila kuvigusa vyote, na mkunjo unaojipinda kama nyoka ukigusa kila kimoja. Mwanafunzi mgeni huupenda mkunjo kwa kuwa hauna kosa hata moja. Makala haya yanaonyesha kwamba kutokuwa na kosa huko ndiko kasoro yenyewe, na yanatumia mfano wa bima ya mifugo kaskazini mwa Kenya.

2.0 Usuli wa Mfano

Mnamo Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo (ILRI) na washirika wake walizindua Marsabit bima isiyohesabu mizoga. Setilaiti ilipima ukijani wa malisho, na kanuni ya hesabu ikakadiria vifo vya mifugo kutokana na ukijani huo. Makadirio yalipovuka kiwango kilichowekwa, mfugaji alistahili kulipwa. Bima inayotegemea ukijani ilifika Isiolo mwaka 2013. Katika mpango wa aina hii, kanuni mbovu humnyima mfugaji fidia ng'ombe wake wakiwa wamekwisha kufa.

3.0 Vitone Sita

Ichukuliwe kwamba ukavu wa malisho umepangwa kwa madaraja, na kwamba kumbukumbu za misimu sita ya kubuni, daraja la 1 hadi la 6, zinaonyesha vifo 12, 18, 33, 37, 52 na 58 katika kila mifugo 100. Mstari unaokaribia vitone hivi zaidi ni huu:

y = 1.4 + 9.6x

Mstari huu hukosea kwa wastani wa vifo 2.1. Kwa upande mwingine, upo mkunjo wa kipeo cha tano unaopita katika vitone vyote sita barabara, na kosa lake ni sifuri.

Sasa waletwe misimu mitatu ambayo haikutumika kuchora. Katika daraja la 1.5 walikufa 18. Mstari unasema 15.8, mkunjo unasema 8.7. Katika daraja la 5.5 walikufa 52; mstari unasema 54.2, mkunjo 61.3. Katika daraja la 7, yaani ukame mkali kupita yote, walikufa 66. Mstari unasema 68.6. Mkunjo unasema 91 chini ya sifuri! Kwa kanuni hiyo, ukame mbaya kuliko wote haukuua mnyama yeyote, na mfugaji hapati hata senti.

Chanzo cha maajabu haya ni kwamba kila kitone kina mambo mawili ndani yake: uhusiano wa kweli kati ya ukavu na vifo, na bahati ya msimu husika, kama vile maradhi au makosa ya kuhesabu. Mkunjo una vigezo sita kwa vitone sita, hivyo una nafasi ya kuifuata hata bahati. Huo ndio ukaririaji: mfano wa mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana, ambaye swali likigeuzwa kidogo hukwama.

4.0 Kugawa Data

Ukaririaji hautambuliki kwa kutazama data zilizotumika kufunza. Ndiyo maana data hugawanywa mapema: data za mafunzo, ambazo kanuni huziona, na data za majaribio, ambazo hufichwa hadi mwisho. Kosa la mstari lilikuwa 2.1 katika mafunzo na 2.3 katika majaribio. Makosa hayo yanakaribiana. Kosa la mkunjo lilitoka sifuri likaruka. Pengo hilo ndilo dalili.

Hata hivyo, namna ya kugawa ina hatari yake. Isiolo ina misimu miwili ya mvua kwa mwaka, kwa hiyo miaka kumi huzaa misimu ishirini tu. Mtafiti anaweza kuongeza vitone kwa kuhesabu Merti, Kinna na Garbatulla kila mahali peke yake, kisha akavigawa kwa kura. Hapo msimu uleule wa ukame utaangukia pande zote mbili, na jaribio litakuwa limevuja, kwa kuwa majirani hao hukumbwa na ukame mmoja. Njia salama ni kuficha misimu mizima, kwa mfano mitano iliyokosa mvua ya kutosha mfululizo kuanzia Oktoba 2020 hadi Desemba 2022.

Aidha, data za majaribio zikitumiwa mara kwa mara kuchagulia kanuni, nazo hugeuka kuwa data za mafunzo.

5.0 Hitimisho

Mstari nao una mipaka: katika daraja la 11 unakadiria vifo 107 kwa kila mifugo 100, jambo lisilowezekana. Kwa hiyo jaribio halithibitishi kwamba kanuni ni kweli; linaonyesha tu umbali ambao inaweza kuaminiwa, yaani ndani ya hali zinazofanana na zile ilizojaribiwa nazo.