Mashua Irudi Upande Gani?

Mashua imetoka bandarini ikashika mwelekeo wa 060° kwa kilometa 16. Hapo nahodha akageuza, akafuata 150° kwa kilometa 12. Sasa anataka kurudi bandarini moja kwa moja. Ashike mwelekeo gani, na aende umbali gani? Maswali ya namna hii huwaangusha wanafunzi wengi wa sekondari, na mara nyingi kosa lao ni kuchora mstari wa kaskazini mara moja tu.

Mwelekeo hupimwa kuanzia kaskazini, kwa kufuata mzunguko wa mishale ya saa, na huandikwa kwa tarakimu tatu. Kaskazini inayohesabika ni ile ya mahali ulipo wakati huo. Basi kila mashua inapogeuza, chora pale pale mstari mpya wa kaskazini, sambamba na ule wa kwanza.

Tuchague skeli ya sentimeta 1 kwa kilometa 2. Weka nukta A, bandari yetu, na uchore kaskazini yake. Pima nyuzi 60, kisha vuta mstari wa sentimeta 8 hadi B. Hapo B chora kaskazini nyingine, pima 150°, vuta sentimeta 6 hadi C. Unganisha C na A, uweke rula: sentimeta 10, yaani kilometa 20. Kwa bahati nzuri, pembe iliyopo B ni ya nyuzi 90, kwa hiyo Pithagorasi anathibitisha: 6² + 8² = 10².

Umbali umepatikana, mwelekeo ndio wenye mtego. Ukiweka kipimapembe kwenye A utasoma karibu 097°, lakini huo ni mwelekeo wa kutoka bandarini kwenda C. Nahodha yuko C, na kaskazini yake iko C. Mistari miwili ya kaskazini ikiwa sambamba, kurudi ni kugeuka nusu duara: 097° + 180° = 277°. Mwelekeo wa kwenda ungezidi 180°, tungetoa 180 badala ya kujumlisha.

Wapo wanaotoa 97 kwenye 360 wakapata 263°. Jibu hilo linaonekana sawa, maana nalo linaelekea magharibi, ila baada ya kilometa 20 mashua itakuwa karibu kilometa 5 kusini mwa bandari. Ili kujihakikishia, pima pale C. Kipimapembe cha nusu duara kinaishia 180, kwa hiyo pima kutoka kaskazini kwenda kushoto. Ukipata nyuzi 83, toa kwenye 360: 277°.

Usishangae mwenzako akipata 276° au 278°. Ncha ya penseli ina unene, na kuteleza kwa nusu milimita kwenye skeli hii ni mita 100 baharini. Penseli iliyochongwa vizuri na mchoro mkubwa hupunguza kosa hilo.