Mkono wa Chini, Mpira wa Kasi

Mwaka 2004, katika mechi ya maonyesho nchini Marekani, mrushaji wa softiboli Jennie Finch aliwakabili mastaa wa besiboli, akiwemo Albert Pujols na Mike Piazza. Aliwatoa wote wawili kwa kurusha tu. Watu hawa walizoea mipira yenye kasi kubwa kuliko yake, basi kwa nini walishindwa?

Jibu la kwanza ni umbali. Katika besiboli mrushaji husimama mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Katika softiboli ya wanawake ni mita 13.1 tu. Mpira wa softiboli wa kilomita 105 kwa saa humfikia mpigaji kwa takriban sekunde 0.4, sawasawa na mpira wa besiboli wa kilomita 150.

La pili ni njia ya mpira. Mrushaji wa besiboli husimama kwenye kichuguu na kurusha kutoka juu ya bega, kwa hiyo mpira hushuka. Wa softiboli husimama chini, huuzungusha mkono duara zima na kuuachia mpira karibu na nyonga. Mpira huja umenyooka, au hata ukielekea juu kidogo, na jicho lililozoea mpira unaoshuka hulielekeza gongo mahali pasipo na mpira.

Uwanja nao umebanwa. Kutoka kituo hadi kituo ni mita 18.3, dhidi ya 27.4 za besiboli. Mpira ukidundadunda chini, mlinzi akiudaka vibaya mara moja tu, mkimbiaji ameshafika. Ndiyo maana wapigaji wengine wa mkono wa kushoto huanza kukimbia huku wakiugusa mpira kidogo tu. Ili wizi wa vituo usizidi, sheria humzuia mkimbiaji kuacha kituo kabla mpira haujatoka mkononi mwa mrushaji. Katika besiboli yeye husogea mapema hatua kadhaa, na mrushaji humvizia.

Raunda, mchezo wa Uingereza na Ayalandi, pia hurushwa kwa mkono wa chini, lakini roho yake ni nyingine. Mpigaji hushika gongo fupi kwa mkono mmoja na kupewa mpira mmoja mzuri. Aupige au aukose, anaweza kukimbia, tena akiwa na gongo lake mkononi. Mlinzi akiigusisha mpira nguzo anayoielekea, ametoka. Akiupiga na kuifikia nguzo ya nne kabla ya mpira unaofuata, timu yake imepata raunda moja.

Besiboli ina zamu 9, softiboli 7, raunda kwa kawaida 2 kila upande. Mwalimu mwenye kipindi kifupi na uwanja mdogo aanze na raunda. Lakini anayetaka kuwafunza wachezaji kuamua haraka, awape softiboli: hapo ndipo muda wa kufikiri ulipo mfupi kweli.