Majina Mapya, Programu Ileile

Zoezi la somo la programu limetolewa: jumlisha alama za wanafunzi. Mmoja anaandika hivi:

```
jumla = 0
for alama in orodha:
    jumla = jumla + alama
```

Mwenzake anainakili usiku wa mwisho, anabadilisha majina ya vigeu, kisha anaiwasilisha akiwa na uhakika haitatambulika:

```
x = 0
for k in data:
    x = x + k
```

Kwa macho ya haraka hazifanani. Lakini Moss, chombo kilichotengenezwa mwaka 1994 na Alex Aiken, hakijali majina. Kinafuta nafasi tupu, na mahali pa kila jina la kigeu kinaweka alama moja tu. Kwa mtindo huo, programu zote mbili zinageuka kuwa mstari huu:

```
V=0forVinV:V=V+V
```

Kazi ya usiku kucha imeyeyuka kabla ulinganishaji haujaanza.

Baada ya hapo mstari hukatwa vipande vinavyopandana. Tuseme kila kipande kina herufi tano: `V=0fo`, `=0for`, `0forV`, na kuendelea, jumla vipande 12. Kila kipande hukokotolewa kuwa namba. Kuhifadhi namba zote za darasa zima ni mzigo, kwa hiyo katika kila namba nne zinazofuatana huchukuliwa iliyo ndogo kuliko zote. Mbinu hiyo, ambayo Aiken na wenzake waliichapisha mwaka 2003, ina dhamana: kwa vipimo hivi, sehemu yoyote inayolingana kwa herufi nane au zaidi lazima iache angalau namba moja ya pamoja.

Ndiyo maana kuhamisha funkisheni kutoka juu kwenda chini hakusaidii sana. Namba hutokana na yaliyomo ndani ya kipande, si mahali kilipo. Mstari wa bure ukichomekwa katikati huharibu vipande vinavyougusa tu. Vingine vinabaki kama vilivyokuwa.

Hata hivyo, mistari mitatu ya hapo juu haimtii mtu hatiani. Karibu kila mwanafunzi angeandika vivyo hivyo. Moss yenyewe, isipopewa maagizo mengine, hupuuza sehemu inayoonekana katika programu zaidi ya 10, na mwalimu anaweza kuipa msimbo aliougawa darasani ili usihesabiwe. Asilimia inayotolewa mwishoni ni ya kumwonyesha mwalimu pa kuanzia kusoma, basi. Anayeisoma kama hukumu anakosea.

Mwalimu hufungua kazi mbili bega kwa bega na kutafuta yale ambayo zoezi halikuyadai: sharti lisilo na kazi yoyote, mzunguko unaoruka alama ya mwisho katika programu zote mbili, au ujumbe wa skrini wenye kosa lilelile la tahajia.