Jirani Kafungua Duka la Bei Chee: Umfuate?

Duka jipya likifunguliwa mtaani, habari ya kwanza kumfikia mwenye duka la zamani ni bei ya sukari. Mteja anasimama dirishani, anauliza kilo shilingi ngapi, akiambiwa elfu tatu anasema, "Mangi, kule kwa yule mpya ni elfu mbili mia nane." Kesho yake anakuja mwingine na habari hiyohiyo, safari hii ni ya mafuta ya kula. Jioni ya siku ya tatu mwenye duka anachukua kalamu, anafuta bei zake zote na kuandika za jirani. Wengi wanaofunga maduka baada ya kupata mshindani huanza kupotea jioni hiyo, kwa sababu wamepunguza bei kabla ya kupiga hesabu.

Tuipige hapa kwa sukari. Mfuko wa kilo 50, tuseme, umefika dukani Tabata au Mbagala kwa shilingi 130,000, nauli ya bajaji ikiwa ndani. Kila kilo imekugharimu 2,600. Ukiuza 3,000 unajihesabia faida ya 400. Ila sukari haiuzwi kwa mfuko, inauzwa kwa kupima: kilo, nusu, robo, na wakati mwingine nusu robo. Kila upimaji unaacha punje kwenye kijiko, kwenye mizani na sakafuni, na ukitaka mteja asinung'unike unazidisha kidogo. Tuseme mfuko unakutolea kilo 49. Umeuza kwa 147,000, faida ni 17,000.

Sasa mfuate jirani kwenye 2,800. Kilo zilezile 49 zinakuingizia 137,200, na faida imebaki 7,200. Umepunguza shilingi 200 tu, ambazo kwa mteja si nyingi, lakini zaidi ya nusu ya faida imeondoka. Ili urudi kwenye 17,000 yako, pale ulipouza mfuko mmoja sasa lazima uuze miwili na zaidi. Wateja hao wa nyongeza watatoka wapi, wakati mtaa ni uleule na maduka sasa ni mawili?

Hesabu ya duka zima inaonyesha hatari hiyo vizuri zaidi. Chukua duka linalouza 250,000 kwa siku, yaani milioni saba na nusu kwa mwezi, na katika kila shilingi 100 ya mauzo, 15 ni faida kabla ya matumizi. Faida hiyo kwa mwezi ni 1,125,000. Ukitoa pango 200,000, msaidizi 150,000, umeme na mengineyo 75,000, unabaki na 700,000. Ukishusha bei zote kwa asilimia 7, na Mungu akujalie asiondoke mteja hata mmoja, faida inashuka hadi 600,000. Pango halishuki, msaidizi naye anadai chake kilekile. Unabaki na 175,000 kwa kazi ya mwezi mzima ya kufungua alfajiri na kufunga usiku.

Tuseme sasa hukushusha kitu, na robo nzima ya mauzo yako ikahamia kwa jirani. Faida inakuwa karibu 844,000, na baada ya matumizi mkononi zinabaki kama 419,000. Inauma, lakini ni zaidi ya mara mbili ya ile 175,000. Njia ya kujua mpaka wako ni rahisi: gawanya asilimia unayotaka kupunguza kwa asilimia ya faida yako. Hapa ni 7 kwa 15, jibu ni karibu asilimia 47. Maana yake unaweza kupoteza karibu nusu ya mauzo kabla hujafikia hasara ambayo ungejiletea mwenyewe kwa kushusha bei za duka zima. Kadiri faida yako inavyokuwa nyembamba, ndivyo kumfuata jirani kunavyokuumiza zaidi, na biashara ya vyakula mtaani faida yake ni nyembamba sana.

Hesabu hiyo ina udhaifu mmoja usiotakiwa kusahaulika. Mteja akienda kwa jirani kufuata sukari hatarudi kwako kununua sabuni. Atamaliza mahitaji yake hukohuko. Ndiyo maana kukaa bila kufanya lolote nako kuna hatari yake, na kazi ya kwanza ni kujua jirani anapata wapi bei hiyo.

Mtume mtu akanunue kwake vitu vile vinavyonunuliwa kila siku: sukari, sembe, mchele, mafuta, maharage, sabuni ya mche, chumvi, majani ya chai. Vipime kwenye mizani yako, mradi mizani yenyewe iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo. Kilo yake ikiwa gramu 930, bei ya 2,800 kwa hakika ni zaidi ya 3,000, na wateja wanaopika kila siku watakuja kuligundua hilo bila wewe kusema neno. Angalia mchele: ni daraja lako au ni wa chenga nyingi? Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi kwenye paketi. Kisha linganisha bei zake na bei ya jumla unayonunulia wewe. Mara nyingi utakuta vitu vitatu au vinne viko chini sana, na vingine vyote viko sawa na vyako au juu zaidi. Huyo ameweka chambo. Lakini ukikuta karibu kila kitu kiko chini, na sukari anaiuza 2,550 wakati wewe unaipata kwa 2,600, basi ama ananunua mahali pazuri kuliko wewe, ama anachoma mtaji wake ili avute watu.

Kuchoma mtaji kuna mwisho, ila mwisho huo unategemea kama ana mfuko mwingine. Kenya ililiona hili kwa kiwango kikubwa mwaka 2010. Mwezi Agosti kampuni ya Zain, iliyokuwa inageuka kuwa Airtel, ilishusha gharama ya kupiga simu hadi shilingi 3 kwa dakika, na washindani wakalazimika kushuka nao. Safaricom iliumia lakini ilikuwa na M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ikiendelea kuingiza pesa upande wa pili. Kampuni ya Yu, iliyokuwa ikitegemea bei rahisi, haikudumu, na mwaka 2014 biashara yake iliuzwa kwa Safaricom na Airtel. Kwa hiyo ulizia mtaani: nyumba ile ya duka ni yake au kapanga? Ana duka lingine, ana lori, ana kazi ya kuajiriwa? Asiyelipa pango na anayekula mshahara anaweza kuuza bila faida kwa muda mrefu kuliko wewe. Usishindane naye kwa kuuza bila faida.

Ukishamjua, chagua vitu viwili au vitatu vya kusogeza. Wateja hawakumbuki bei za duka zima. Wanakumbuka sukari, unga na mafuta, na kwa bei hizo wanaamua duka ni rahisi au ghali. Bei ya kiberiti, wembe, hamira au betri ya redio hakuna anayetembea nayo kichwani. Kama sukari, sembe na mafuta ni asilimia 30 ya mauzo ya duka letu la mfano, kuvishusha hivyo tu kwa asilimia 7 kutakugharimu kama 157,000 kwa mwezi. Mkononi unabaki na zaidi ya 540,000, na mteja hana tena sababu ya kuvuka barabara. Wala si lazima ushuke hadi pale alipo jirani. Anayeishi mlango wa tatu kutoka kwako hatatembea hadi kituo cha daladala kufuata shilingi 100 kwa kilo.

Hapo ndipo vipimo vidogo vinapokuokoa. Wateja wengi wa mtaani wananunua sukari ya robo na mafuta ya mia tano. Robo ya kilo kwa bei ya 3,000 ni 750, kwa bei ya 2,800 ni 700. Tofauti ni sarafu moja ya hamsini, na anayekuja usiku chai ikiwa jikoni hamsini hiyo haimsumbui. Anayenunua kilo tatu au tano kwa mkupuo ndiye anayeitazama. Basi mpe yeye bei ya chini kuanzia kilo mbili, na uache robo na nusu palepale. Umepunguza pale tu ambapo mteja angeondoka.

Kitu cha kuogopa kuliko bei ya jirani kiko kwenye daftari la madeni. Duka jipya halikopeshi, kwa hiyo wanaohamia kwanza ni wenye pesa taslimu. Wanaobaki ni wale wanaosema "niandikie, mwisho wa mwezi." Mauzo kwenye daftari yanaonekana yaleyale, hata faida inaonekana ipo, lakini siku ya kwenda Kariakoo kununua mzigo droo ni tupu. Andika kila jioni pesa taslimu peke yake na mkopo peke yake. Kama kabla ya jirani taslimu ilikuwa 200,000 kati ya 250,000, na sasa ni 130,000, umeshapoteza wateja wengi kuliko unavyodhani. Weka kikomo kwa kila familia, na asiongezewe mtu kabla hajapunguza deni la nyuma.

Kuna wakati wa kumfuata jirani moja kwa moja: pale unapogundua kwamba bei yake inatokana na kununua vizuri. Anachukua mifuko 40 kwa msambazaji mkubwa, wewe unachukua miwili kwa mtu wa kati. Huyo hatapandisha bei mwezi ujao, na ukibaki juu utaisha taratibu. Dawa ni kushusha bei unayonunulia kabla hujagusa unayouzia. Tafuta wenye maduka wenzako watatu au wanne, changeni mzigo mmoja wa sukari na unga, mgawane nauli ya lori. Mkishusha mzigo, kila mmoja apange bei yake dukani kwake. Kukaa pamoja na kuafikiana bei ya kumuuzia mteja kumekatazwa na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayosimamiwa na Tume ya Ushindani. Sheria hiyohiyo haitakusaidia kumshtaki jirani kwa kuuza rahisi, kwani kosa la kutumia vibaya nguvu ya soko linamhusu mwenye sehemu kubwa ya soko, na duka la mtaani halifiki huko.