Namba za mpima zinapogeuka mpaka wa kiwanja

Mpima ardhi akimaliza kazi uwanjani, mara nyingi hampi mteja wake ramani kwanza. Anampa faili la Excel. Ndani yake mna safu tano: jina la nukta, umbali wa kaskazini, umbali wa mashariki, kimo, na maelezo mafupi kama "bikoni", "ukingo wa barabara" au "mwembe". Msanifu majengo au mchoraji anayelipokea lazima ageuze namba hizo kuwa mpaka wa kiwanja kwenye AutoCAD, na ndani ya mpaka huo aandike vimo vya ardhi, ambavyo mafundi wengi huviita levo. Kazi yenyewe haichukui hata saa moja. Hatari yake ni kwamba makosa mengi katika kazi hii hutoa mchoro unaopendeza macho kuliko unavyostahili.

Chukua mfano wa kiwanja cha pembe nne upande wa Kigamboni, Dar es Salaam. Namba hizi zimetungwa kwa ajili ya maelezo, lakini zina sura ileile ya zile zinazotoka kwa wapima wa huko:

```
B1  9236871.05  538214.36  24.86
B2  9236862.48  538254.10  24.31
B3  9236831.20  538247.52  23.42
B4  9236839.81  538207.90  23.97
```

Anayeziona kwa mara ya kwanza hushangaa kwa nini ni kubwa namna hiyo. Katika mfumo wa UTM, nchi zilizo kusini mwa ikweta huhesabu ikweta kuwa mita 10,000,000, kisha hupunguza kadiri mtu anavyokwenda kusini. Kwa hiyo B1 ipo takriban kilomita 763 kusini mwa ikweta. Kwa upande wa mashariki, mstari wa longitudo ya 39 umepewa mita 500,000, na B1 ipo kama kilomita 38 mashariki yake. Mchoraji wa Dar es Salaam akishalijua hilo, ana kipimo cha kwanza cha bure: namba ya kaskazini huanza na 9 na ina tarakimu saba kabla ya nukta, na ya mashariki ina tarakimu sita.

Kipimo hicho kinahitajika mapema, kwa sababu wapima wengi hutanguliza kaskazini, ilhali AutoCAD husubiri mashariki kwanza. Kwake X ni kulia na Y ni juu. Ndiyo maana hatua ya kwanza hufanyika ndani ya Excel, kwenye safu tupu pembeni, ambako namba mbili huunganishwa kwa koma huku zikibadilishana nafasi. Ikiwa jina la nukta lipo safu A, kaskazini B, mashariki C na kimo D, fomula ni hii:

```
=C2&","&B2
```

Fomula ikivutwa hadi B4, safu hiyo inakuwa na mistari minne ya aina ya 538214.36,9236871.05. Mchoraji anainakili, anaandika PLINE kwenye mstari wa amri wa AutoCAD, anabandika, kisha anaandika C ili mstari urudi ulikoanzia. Kabla ya hapo ni busara kubonyeza F12 ili kuzima uandishi wa kando ya mshale, kwa sababu ukiwa umewaka, kodineti ya pili inayoandikwa hapo huweza kuhesabiwa kama umbali kutoka nukta ya kwanza, na mstari ukapotelea mbali kabisa na kiwanja. Baada ya hapo ZOOM na E huleta umbo zima kwenye skrini.

Kuna mtego mmoja unaowapata zaidi wanaopokea namba kwa barua pepe au kwenye hati iliyochapwa. Mwandishi, kwa nia njema, hutenganisha maelfu kwa koma: 538,214.36. Kwa AutoCAD, koma ndiyo inayotenganisha X na Y. Itasoma X kuwa 538 na Y kuwa 214.36, na nukta itakwenda kukaa karibu na chanzo cha mchoro badala ya Kigamboni. Dalili yake ni rahisi kuiona: ukifanya ZOOM na E, kiwanja kinakuwa kitone upande mmoja na kitone kingine kinakaa mbali sana.

Sasa umbo limefungwa. Mchoraji anaandika AREA, kisha O, anachagua mstari, na AutoCAD inajibu mita za mraba 1,296.40. Pande zake, kuanzia B1 kwenda B2, ni mita 40.65, 31.96, 40.54 na 31.90. Namba hizi zinalinganishwa na zilizo kwenye ramani ya upimaji. Zikipishana kwa sentimita chache, ni suala la kukadiria tarakimu za mwisho. Zikipishana kwa mita, kuna nukta iliyoandikwa vibaya. Na mistari ikikatana katikati kama tai ya shingoni, kosa ni mpangilio: mpima alisoma nukta kwa njia iliyomfaa yeye kutembea, wala si kwa kuzunguka mpaka, na safu zinapaswa kupangwa upya kabla ya kubandika.

Lakini eneo na urefu wa pande havitoshi, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Tuseme mchoraji alisahau kubadilishana safu akaweka kaskazini mahali pa mashariki. Eneo litatoka 1,296.40 vilevile. Pande zote nne zitakuwa na urefu uleule. Kilichotokea ni kwamba kiwanja kimegeuzwa kama sura kwenye kioo. Barabara iliyokuwa mbele, upande wa kaskazini kati ya B1 na B2, sasa ipo mashariki, na upande wa magharibi umekuwa kusini. Hata akiuzungusha mchoro ili barabara irudi juu, jirani wa kulia atakuwa amehamia kushoto. Nyumba inayochorwa humo itakuwa imewekewa choo na shimo la majitaka upande usio wake.

Namna ya kuligundua ni kufuata bikoni kwa jina. Kwenye ramani ya upimaji, kutoka B1 hadi B4 mtu anazunguka kama mshale wa saa; kwenye mchoro uliogeuzwa atazunguka kinyume. Au aandike amri ID, abofye kwenye bikoni yoyote, asome X. Ikianza na 9, safu zimepishana. Kitendo hicho ni cha sekunde chache, na mchoraji mwangalifu hukifanya hata kama eneo limelingana hadi tarakimu ya mwisho.

Huenda msomaji amegundua kuwa fomula ile haikugusa kimo. Imeachwa makusudi. Mpaka wa kiwanja ni umbo la bapa: urefu na eneo vilivyo kwenye hati hupimwa kwa ulalo, hata kama ardhi inapanda kilima. Mchoraji akitumia 3DPOLY na kuweka vimo, mstari utafuata mteremko na urefu wake utazidi ule wa ramani. Kwenye kiwanja hiki tofauti ni ndogo, lakini kwenye miteremko ya Lushoto au Kisii ni kubwa kiasi cha kuzua ugomvi.

Vimo vinaingia peke yake, kwenye leya yake. Mpima hutoa nukta nyingi za ndani, labda kila baada ya mita 10, pamoja na zile za barabarani na kwenye mtaro. Kuzibandika moja moja ni kujitesa, hivyo Excel huandikishwa amri kamili kwa kila nukta:

```
="-TEXT "&C2&","&B2&" 0.5 0 "&TEXT(D2,"0.00")
```

Hapo 0.5 ni urefu wa herufi kwa mita. Mchoro ukichapwa kwa skeli ya 1:200, herufi itakuwa milimita 2.5 kwenye karatasi, kimo kinachosomeka bila shida. Sifuri inayofuata ni mwinamo wa maandishi, na mwisho ni kimo chenyewe kwa tarakimu mbili. Mistari yote inanakiliwa kwenye Notepad, inahifadhiwa kama faili lenye kiishio cha .scr, kisha inaendeshwa kwa amri SCRIPT. Vimo vinajaa kwenye skrini kwa mkupuo.

Kabla ya kuiendesha, OSMODE iwekwe 0. Kodineti zinazoandikwa kwa mkono huheshimiwa jinsi zilivyo, lakini zile za skripti, kwa mpangilio wa kawaida wa AutoCAD, zinaweza kuvutwa na kichwa cha mstari kilicho jirani. Kimo kilichopaswa kukaa nusu mita ndani ya mpaka kinajikuta juu ya bikoni. Jambo la pili ni mtindo wa maandishi. Ukiwa umeshapangiwa urefu maalumu, AutoCAD haitauliza urefu tena, itachukua 0.5 kuwa mwinamo na 0 kuwa mwanzo wa maandishi. Anayeona sifuri imetangulia mbele ya kila kimo kiwanja kizima ajue chanzo ni hicho.

Kisha vimo vyenyewe vihojiwe. Katika mfano wetu B1 ni 24.86 na B3 ni 23.42, yaani ardhi inashuka mita 1.44 katika mshazari wa karibu mita 52. Nukta zote za ndani zinapaswa kuangukia kwenye hadithi hiyo. Kimoja kikisema 32.42, mtu aligeuza tarakimu wakati wa kuandika. Kupanga safu ya vimo kutoka kidogo hadi kikubwa ndani ya Excel hufichua makosa ya namna hiyo papo hapo. Lililo gumu zaidi ni fimbo: mpima akibadilisha urefu wake kutoka mita 2 hadi 1.8 bila kukiarifu chombo, nukta zote za baada ya hapo zinahama kwa sentimita 20. Hilo huonekana kama ngazi ndogo inayokata kiwanja kwa mstari, mahali ambapo mteja anajua hakuna ngazi yoyote.

Na vimo vikitoka vyote na alama ya kutoa? Ardhi haijazama. Chombo cha satelaiti hupima kutoka kwenye umbo la kihesabu la dunia, ambalo katika pwani yetu liko zaidi ya mita 20 juu ya usawa wa bahari. Kiwanja kilicho mita 10 juu ya bahari husomeka hasi. Miteremko ya ndani bado ni sahihi, lakini vimo hivyo haviwezi kuunganishwa na vya mtaro wa mji hadi mpima avirekebishe.

Baadaye faili linakwenda kwa msanifu, ambaye mara nyingi huchora kwa milimita na hapendi kufanya kazi kilomita elfu tisa kutoka kwenye chanzo. Akilichukua na kulivuta hadi sifuri, kodineti zinakufa, na siku mpima atakapoombwa kusimika pembe za nyumba hatakuwa na namba za kusimamia. Njia salama ni kuacha faili la upimaji jinsi lilivyo, kwa mita, na kuliita ndani ya mchoro wa nyumba kwa amri XREF, likikuzwa mara 1,000. Pembe za nyumba zikishakubaliwa, mchoro wa nyumba nao huitwa ndani ya faili la upimaji, ukipunguzwa mara 1,000 na kulazwa mahali pake kati ya bikoni. Mchoraji anabofya kila pembe kwa ID, na namba anazosoma ndizo anazomrudishia mpima kwa Excel ileile, kaskazini ikiwa imetangulia.