Pole Inayosafiri kwa Simu kutoka Kindu

Kutoka Kindu hadi Kasongo ni zaidi ya kilomita 200 za barabara ambayo mvua ikinyesha huwa matope, na pikipiki yenyewe hulala njiani. Mzee akifariki Kasongo alfajiri, na familia ikiwa ya Kiislamu, huenda akazikwa kabla ya jua kuzama. Mtoto wake anayeishi Kindu mara nyingi hayawahi mazishi ya baba yake, sembuse wenzake wa chama. Ndiyo maana vyama vya watu wanaochangiana Kindu, vya akina mama wa soko, vya majirani, vya watu wa sehemu moja, hutuma pole kwa video fupi ya simu.

Kwa desturi, pole hupelekwa kwa miguu. Mtu hufika kwenye kilio, huketi chini, hunyamaza kwanza, ndipo huongea. Video haina miguu, na aliyeiandaa anapaswa kuufuata mwenendo uleule kwa maneno: salamu, kujitambulisha, kumtaja marehemu, kuomba radhi, kutoa mkono, dua, kuondoka. Anayeruka hatua moja huonekana kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Chukua mfano wa chama cha akina mama wauza samaki na mchele. Mwenzao amefiwa na baba Kasongo. Yeye amefanikiwa kuondoka kwa pikipiki, wao wamebaki. Kabla ya kuandika neno lolote, katibu anampigia simu mkubwa wa familia, si mfiwa. Anauliza mambo matatu. Habari imeshatangazwa rasmi na wazee? Picha ya marehemu inaruhusiwa kuonyeshwa? Na nyumba inasali wapi? Swali la mwisho si la adabu tu. Uislamu ulishika mizizi Kasongo tangu siku za Tippu Tip na waungwana wake, na Kanisa Katoliki nalo lina jimbo lake papo hapo, hivyo ndani ya ukoo mmoja utamkuta kaka anakwenda msikitini na dada anakwenda misa. Dua itakayosomwa lazima iwafae wote wawili.

Haya ndiyo maneno ambayo mama mwenyekiti atayasema:

«Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristu. Baba Mkubwa, wazee wa familia, akina mama mlioketi kwenye mkeka, tunawasalimu kwa heshima.

Sisi ni akina mama wa chama, tuko Kindu, ni ndugu za mtoto wenu. Habari ya mzee wetu imetufikia, na kilio chenu ni chetu.

Mzee alipokuja Kindu aliketi nasi, akatusuluhisha siku tuliyogombana juu ya mchango. Hatujalisahau.

Tulipaswa kuwa hapo, tuketi nanyi. Njia imetushinda, mtuwie radhi. Mjumbe wetu atafika kwenu leo. Alichobeba ni kidogo, mkipokee kwa mikono miwili.

Dada yetu, usiwaze juu ya meza yako sokoni. Tunaiangalia mpaka urudi.

Mwenyezi Mungu amrehemu mzee wetu na awape nyinyi nguvu. Poleni sana. Poleni sana.»

Ukiyasoma polepole, kama yanavyopaswa kusomwa, hayafiki dakika moja na nusu. Zaidi ya hapo ni hotuba, na kwenye kilio hotuba ni ya wazee wa nyumba.

Moyo wa maandishi haya uko kwenye aya ya tatu. Kila pole inasema marehemu alikuwa mtu mwema, na kwa sababu hiyo hakuna anayeisikia sentensi hiyo. Lakini mzee aliyesuluhisha ugomvi wa mchango ni mtu mmoja tu, na wajukuu watacheka kidogo wakisikia, maana watamtambua. Chama kisichomjua marehemu kisimtungie sifa. Kimsemee mtoto wake: jinsi alivyokuwa akimtaja baba, jinsi alivyokuwa akituma dawa.

Utaona pia kwamba chanzo cha kifo hakikutajwa, wala urefu wa ugonjwa. Katika kilio chochote cha Maniema kuna mtu anayejiuliza ni nani aliyehusika, na «ghafla» moja iliyotamkwa na watu wa mbali inatosha kuwasha maneno ya uchawi yatakayomwangukia mjane au shangazi mzee. Chama hakina haki ya kuingia humo.

Fedha nazo hazitajwi kiasi. Mchango unatumwa kwa simu kwa mtu wa chama aliyeko Kasongo, yeye anautoa kwenye bahasha na kuupeleka mwenyewe, na unaandikwa kwenye daftari la kilio kama michango mingine. Video inayotangaza hesabu humuaibisha aliyeleta kuku mmoja.

Anayeongea awe mmoja. Hapa ndipo kamati nyingi hugombana, kwa kuwa kila mwenye cheo anataka uso wake uonekane. Wengine waketi nyuma yake kwenye mkeka, vitambaa kichwani, bila sare mpya wala bendera ya chama. Mwishoni wanaitikia «poleni sana» kwa pamoja, na hapo wanakuwa wamesema. Na waseme Kiswahili cha nyumbani. Kifaransa cha ofisini kinafanya msiba uonekane kama mkutano.

Kuhusu kurekodi, sauti ina uzito kuliko picha. Asubuhi mapema, kabla jenereta za majirani na pikipiki hazijaanza, ndani ya chumba chenye nguo au mapazia, simu ikiwa kama hatua moja kutoka kwa msemaji. Simu isimamishwe wima, kwa kuwa itatazamwa ikipita mkono kwa mkono chini ya turubai. Karatasi ya maneno ibandikwe karibu kabisa na kamera. Ikishikwa mapajani, mama ataonekana akiinamisha macho kama mwanafunzi anayeficha jibu. Muziki usiwekwe. Ubora wa picha upunguzwe kwenye mipangilio kabla ya kurekodi: dakika moja ya picha kali inaweza kupita megabaiti 100, na mtandao wa Kasongo hautaivuta. Dalili kwamba imeshindikana ni rahisi kuiona: saa nzima imepita, alama ya kupokelewa haijaonekana. Hapo tuma sauti pekee. Pole ya sauti inayofika usiku huohuo ni bora kuliko picha nzuri inayofika watu wakishatawanyika.

Nayo iende kwanza kwa Baba Mkubwa. Yeye ndiye atakayeamua isikilizwe lini, pengine baada ya dua ya jioni, na ndiye atakayeipitisha upande wa akina mama. Kuitupa moja kwa moja kwenye kundi la ukoo, au mbaya zaidi kwenye hali ya simu ambako kila mnunuzi wa samaki ataiona, ni kufanya msiba wa mtu kuwa tangazo la chama.

Baada ya hapo chama bado kina deni. Ile sentensi ya «njia imetushinda» imekubaliwa kwa siku za mwanzo tu. Arubaini inatangazwa mapema, na kwa arubaini barabara si kisingizio. Chama kichague wawili au watatu wa kwenda, na mama aliyesikika kwenye video awe mmojawapo, kwa sababu akina mama wa Kasongo watauliza yuko wapi.